Namba Ipi Ionekane: 0800, 022 au 07?

Mhudumu wa kol senta anaweza kuwa na sauti tamu kuliko mtangazaji wa redio, na anachotaka kukuambia kikawa na faida kwako kweli, lakini yote hayo huyajui mpaka upokee. Kabla ya hapo ulichonacho ni tarakimu kumi kwenye kioo cha simu. Zimeanza na 0800, au 022, au 07. Kwa tarakimu hizo tu unaamua upokee, ukate, au uiache iite mpaka ichoke yenyewe. Hata hivyo, katika kampuni nyingi uamuzi wa namba gani ionekane huachiwa fundi siku ya kufunga mitambo, naye huweka ile iliyokuja na laini. Baada ya miezi sita meneja anaitisha kikao: wateja hawapokei simu, tufanye nini? Wengi hukimbilia kuongeza wahudumu au kubadilisha maneno ya kumsalimia mteja, yaani wanatibu kisichoumwa.

Nianze na 0800, maana ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Namba ya bure ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayepiga kwenda kwa kampuni. Huko Marekani kampuni ya AT&T ilianza kutoa namba za 800 kwa simu za kutoka jimbo moja kwenda jingine mwaka 1967, wakati simu ya mbali ilikuwa ghali na mtu alifikiri mara mbili kabla ya kuulizia bei ya bidhaa. Kampuni ilikubali kulipa gharama ili mteja asisite. Kwa hiyo bure ile inamhusu anayepiga. Mteja akipigiwa hapa Tanzania halipi chochote, hata namba iliyomjia iwe ya 0800, ya mezani au ya mkononi. Anayesema "tutumie 0800 ili mteja asiogope gharama ya kupokea" anatibu hofu ambayo mteja hana.

Tena 0800 si laini. Ni namba ya kuelekeza tu: ukiipiga, mtandao unatazama kwenye orodha yake, unaona inaelekea kwenye namba fulani ya kawaida, unakupeleka huko na kuandika deni upande wa kampuni. Kol senta inapopiga kwenda nje hutumia laini zake za kawaida, halafu mitambo yake inaomba kwamba kwenye simu ya mteja ionekane namba fulani. Katika simu zinazopita kwenye intaneti, ombi hilo huandikwa ndani ya ujumbe wa kuanzisha simu, kwenye sehemu zinazoitwa `From` na `P-Asserted-Identity`. Mtandao unaobeba simu unatakiwa kuhakikisha kwamba namba iliyoombwa ni ya kampuni hiyo kweli. Usiporidhika, huifuta na kuweka namba kuu ya laini. Ndiyo sababu kampuni inaweza kuamini kwa mwaka mzima kwamba wateja wanaona 0800, kumbe wanaona namba ya mezani isiyojulikana na mtu, hata na mlinzi wa getini.

Upande wa pili wa mjadala, namba ya eneo, nao umetoka Marekani. Kule tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha mahali: 212 ni Manhattan, 312 ni katikati ya Chicago. Wauzaji wa kwa simu waligundua kwamba mtu wa Chicago hupokea kwa urahisi zaidi simu inayoanza na 312 kuliko ya 800, kwa sababu 312 inaweza kuwa shule ya mtoto, daktari au fundi wa gari, wakati 800 karibu kila mara ni kampuni. Ikazuka mitambo yenye namba za kila eneo, inayochagua yenyewe namba inayofanana na ya anayepigiwa, ingawa mpigaji huenda ameketi Manila. Kwa muda ilifaa. Kisha matapeli wakaiga, wakawa wanaghushi namba zinazofanana na ya mteja mpaka tarakimu sita za mwanzo, ili aone kama ni jirani. Mwaka 2020 kituo cha utafiti cha Pew kiliripoti kwamba Wamarekani wanane kati ya kumi kwa kawaida hawapokei simu ya mkononi kutoka namba wasiyoijua. Kuanzia Juni 2021 mitandao mikubwa ya kule ikalazimishwa kutia sahihi ya kielektroniki kwenye simu zinazopita kwenye mifumo yake ya intaneti, ili mtandao unaopokea ujue kama namba imethibitishwa. Namba ya eneo ilikuwa imekwisha kuchafuliwa.

Sasa, mwenye kol senta Dar es Salaam au Nairobi akisoma ushauri wa Kimarekani unaosema "onyesha namba ya eneo la mteja", ataufanyia nini? Sisi tuna misimbo ya maeneo kwenye simu za mezani: 022 Dar es Salaam, 024 Zanzibar, 027 upande wa Arusha, 028 Mwanza. Lakini ni watu wangapi wana simu ya mezani nyumbani? Maisha yetu yako kwenye namba za mkononi, na namba ya mkononi haisemi mtu yuko wapi. Inasema tu alinunua laini kwa mtandao gani, na hata hilo halina uhakika tangu 2017, ilipowezekana kuhama mtandao na kubaki na namba yako. Mtu wa Tandahimba na mtu wa Masaki wote ni 07 au 06. Kwa hiyo "namba ya eneo" hapa kwetu ina sura mbili tofauti kabisa. Kuna ya mezani, inayonukia ofisi, na kuna ya mkononi, inayonukia mtu.

Tofauti hiyo unaisikia kwenye sekunde tano za kwanza. Simu ya 07 ikipokelewa, mazungumzo huenda hivi:

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Habari za asubuhi, mama. Naongea na mama Rehema?"

"Ndiyo. Wewe nani?"

"Napiga kutoka kampuni ya bima, kuhusu bima ya gari lako inayoisha mwezi ujao."

"Bima? Mbona namba ya mtu wa kawaida hii? Haya, nitakuja ofisini."

Mama Rehema amepokea. Kwenye ripoti ya kol senta anahesabiwa kama ushindi. Lakini alipokea akidhani ni ndugu mwenye laini mpya, au kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo. Alipogundua ni kampuni, ile namba ya "mtu wa kawaida" ikageuka ushahidi wa utapeli, na ana haki: miaka yote hii wanaotuma "ile hela tuma kwenye namba hii" wanatumia laini za namna hiyo hiyo. Simu ya 022 au 0800 ingemjia kama ya ofisi tangu mwanzo. Angeweza asipokee, lakini akipokea angejua anapokea nini.

Kwa hiyo kiwango cha kupokelewa peke yake ni kipimo kinachodanganya. Tuifanye hesabu. Chukua kampuni ya bima yenye wateja 6,300 ambao bima zao za magari zinaisha mwezi ujao. Inawagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu ya watu 2,100, moja lipigiwe kwa 0800, jingine kwa 022, la tatu kwa 07, saa zile zile na wahudumu wale wale, kila mteja mara moja. Tarakimu zinazofuata nimezitunga ili njia ionekane; si matokeo ya kampuni yoyote.

Katika kila kundi simu 300 hazikupatikana kabisa, ama zimezimwa au hazina mtandao. Hizo tunaziondoa kwanza, kwa sababu simu iliyozimwa haikuona namba yoyote. Zinabaki 1,800 zilizoita kila upande. Za 0800 zilipokelewa 540, sawa na asilimia 30. Za 022 zilipokelewa 612, asilimia 34. Za 07 zilipokelewa 702, asilimia 39. Meneja anayeishia hapo ataagiza laini za 07 jioni ile ile.

Tuendelee hatua mbili. Kwanza, katika waliopokea, wangapi waliongea zaidi ya nusu dakika, yaani mpaka mhudumu akafikia kutaja bei ya kuhuisha bima? Upande wa 0800 waliongea 459, wa 022 walikuwa 520, na wa 07 walikuwa 491, kwa sababu wengi walikata kama mama Rehema. Pili, wangapi ambao hawakupokea walipiga wenyewe baada ya kuona simu iliyowapita? Kwa 0800 walirudi 126, kwa 022 wakarudi 71, kwa 07 wakarudi 88. Jumlisha mazungumzo yote: 585, 591, 579. Pengo la asilimia tisa limeyeyuka. Kilichobaki ni kwamba wahudumu wa kundi la 07 wameambiwa "nitakuja ofisini" mara nyingi zaidi kuliko wenzao, na jambo hilo lina gharama yake kwa mtu anayepiga simu kutwa.

Kuna sababu ya kuchukua watu 2,100 na si 200. Kiwango kikiwa karibu asilimia 30, makundi mawili ya simu 200 yanaweza kupishana mpaka asilimia tisa kwa bahati tu, bila namba kuwa na mchango wowote. Ukitaka kuona kwa uhakika wa kuridhisha tofauti ya asilimia nne, unahitaji karibu simu 2,100 kwa kila namba. Na ugawe wateja, usigawe siku. Kampuni ikipiga kwa 0800 wiki ya kwanza ya mwezi na kwa 07 wiki ya mwisho, itakuwa imepima mishahara.

Kwenye kusoma ripoti pia kuna mtego. Mteja akikata kwa kidole, mara nyingi mfumo huandika `486 Busy Here` au `603 Decline`. Anayesoma haraka huona hiyo ya kwanza, akadhani mteja alikuwa anaongea na mtu mwingine, akaagiza apigiwe tena baada ya dakika kumi. Tazama muda wa mlio. Simu iliyoita sekunde nne kisha ikafa mara nyingi imekatwa na mtu aliyeiona namba akaikataa. Iliyoita mpaka mwisho huenda mwenyewe alikuwa shambani, au simu ilikuwa kwenye mkoba. Zile za sekunde nne zikiongezeka wiki baada ya wiki kwa namba moja, namba hiyo imeanza kujulikana, na si kwa wema.

Hapo ndipo wengine huingia kwenye mchezo wa kubadilisha namba. Wananunua laini za kawaida, wanazipachika kwenye kisanduku, na kila laini ikichoka wanaweka nyingine. Kwa siku chache kiwango hupanda, kwa sababu namba mpya haina historia. Kisha mitandao inagundua laini inayopiga mamia ya simu kwa siku bila yenyewe kupigiwa na inaifunga. Watumiaji wa Truecaller nao wanairipoti, ikaanza kuonekana na rangi nyekundu kwa wengine wote wenye programu hiyo. Lakini hasara kubwa ni ya yule aliyepitwa na simu. Anapiga jioni, anakuta namba haipatikani. Kuanzia hapo, kwake kampuni hiyo na tapeli ni kitu kimoja. Wakopeshaji wa mitandaoni wamewazoesha watu wengi tabia hii, Kenya na Tanzania, na sasa hata kampuni yenye nia njema inalipia deni lao.

Njia ya kinyume ni kushikilia namba moja mpaka watu waikariri. Safaricom ya Kenya imewatangazia wateja wake kwamba ikiwapigia itatumia 0722 000 000 tu. Tanzania, kampuni za simu pamoja na TCRA wamekuwa wakiwaambia watu kwamba mtoa huduma anakupigia kwa namba 100, na anayejitambulisha hivyo kwa namba ya kawaida ni tapeli. Angalia: moja ina sura ya namba ya mkononi, nyingine ni tarakimu tatu, na hakuna iliyo ya 0800. Nguvu yake imetokana na ahadi ya "hii tu", iliyorudiwa kwenye redio na kwenye meseji mpaka ikaingia vichwani. Kampuni ndogo haina redio, lakini ina risiti, ina mkataba, na ina meseji. Meseji inayotoka kwa jina la kampuni dakika kumi kabla ya simu, ikisema "tutakupigia leo kwa namba hii kuhusu bima ya gari lako", inaifanya namba isiyojulikana ijulikane angalau kwa siku moja, na siku moja inatosha.

Turudi kwa waliopiga wenyewe, maana hapo ndipo 0800 ina haki yake. Mteja wa malipo ya kabla mara nyingi hana salio, au ana kifurushi cha intaneti bila dakika. Akiona simu imempita kutoka 022, atajiuliza kama inafaa kutumia salio kwa mtu asiyemjua. Akiona 0800 anaweza kupiga bila hesabu. Lakini hapa kuna shimo ambalo wengi huligundua baada ya kulipia. Simu ikipita kwenye mitandao miwili, namba inaweza kutokea kwenye kioo kwa sura ya kimataifa, `+255800` na kuendelea. Mteja anaigusa kwenye orodha ya simu zilizompita, simu yake inapiga kwa sura hiyo hiyo, na mtandao ambao haukuandaliwa kuitafsiri unamjibu kwamba namba hiyo haipo. Kuna pia 0800 zinazofanya kazi kwenye mtandao mmoja zikagoma kwenye mwingine, na mteja aliye Muscat au London kwa kawaida hawezi kuifikia kabisa. Namba ya bure isiyopigika ni mbaya kuliko ya kulipia, kwa sababu mteja alikuwa ameshaamua kukutafuta.

Kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Weka mezani simu nne, kila moja na laini ya mtandao wake, na moja iwe kitochi. Zipigie zote kutoka kwenye mfumo wa kol senta. Piga picha kila kioo. Kisha, bila kuandika chochote, gusa namba iliyoonekana na upige. Sikiliza nani anapokea, na anasema nini. Nimewahi kufanya hivi na ofisi moja, na namba iliyoonekana ilipopigwa ilimfikia mtu wa stoo, naye hakujua hata kama kampuni yake ina kol senta.

Kwa maoni yangu, kampuni inayopigia watu wasioitarajia na wenye haraka, kama anayeleta mzigo au kuthibitisha miadi ya saa mbili zijazo, itumie namba ya mkononi iliyosajiliwa kwa jina la kampuni na isiyobadilika. Pale mteja anasubiri simu ya mtu, na atapokea. Benki, bima, SACCOS na hospitali zinazopigia wateja wao wenyewe zionyeshe namba moja ya ofisi, ya 022 au ya mkoa zilipo makao yao, ipigike kutoka kila mtandao na kutoka nje ya nchi, na imfikishe anayepiga kwa mtu anayeweza kuona kwenye kompyuta ni kwa nini alitafutwa. 0800 iandikwe kwenye kadi, kwenye risiti na ndani ya ile meseji ya kabla ya simu, ili asiye na salio aitumie kurudi. Kuionyesha kwenye simu zinazotoka ningekubali tu baada ya zile simu nne za mezani kupita zote.

Na wewe unayepigiwa: namba inayoonekana kwenye kioo, hata ikiwa ya 0800 au ya 022, inaweza kughushiwa. Anayesema anatoka benki akianza kuulizia namba ya siri, kata, kisha piga mwenyewe namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako. Kwa Tanzania, namba ya tapeli itume kwa meseji kwenda 15040.